"Madoadoa" jukwaani Eldoret: uchambuzi wa kauli moja ya kisiasa

Jumamosi ya tarehe 8 Januari 2022, miezi saba kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, chama cha UDA kilifanya mkutano wa hadhara mjini Eldoret, kaunti ya Uasin Gishu. Aliyekuwa akinadiwa ni William Ruto, wakati huo Naibu wa Rais. Seneta wa Meru, Mithika Linturi, alipopewa kipaza sauti aliwataka wenyeji waondoe "madoadoa" waliyo nayo pale Uasin Gishu, kwa hoja kwamba haiwezekani kusema mko na Ruto na bado mna madoadoa. Kauli yenyewe ilichukua sekunde chache. Kesho yake alikamatwa, akapelekwa Nakuru, na huko akafikishwa mahakamani. Aliomba radhi na kueleza kwamba alichomaanisha ni kura: watu wa Uasin Gishu wachague wagombea wa UDA pekee, asipenye wa chama kingine.

Kwa anayetaka kujua fumbo la kisiasa linavyofanya kazi, sekunde hizo chache zinafundisha kuliko hotuba nyingi za matusi, kwa sababu ya yale yasiyokuwemo ndani yake. Hakuna kabila lililotajwa. Hakuna tusi, hakuna panga wala moto, hakuna "wafukuzeni". Mtu aliyekulia Unguja akiisoma kauli hiyo gazetini atafikiria kanzu inayohitaji kufuliwa. Msikilizaji mwingine, aliyesimama uwanjani au aliyeketi nyumbani kilomita chache kutoka hapo, ataanza kufikiria nani ana gari la kubebea watoto. Maneno ni yale yale, hadhira mbili, na msemaji amebaki na mlango wa kutokea: mimi nilizungumzia uchaguzi tu.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Katika siasa za namna hii akili haisaidii sana. Anayeligangua ni aliyekuwepo, au aliyelelewa na mtu aliyekuwepo.

Aliyekuwepo wapi? Tuanzie mwaka 1991. Shinikizo la kurudisha vyama vingi lilipopamba moto, wanasiasa wa KANU, chama kilichokuwa kikitawala, walifanya mikutano Bonde la Ufa, ukiwemo ule wa Kapsabet mwezi Septemba, wakidai utawala wa majimbo na kuwaonya watu wa makabila mengine waliokuwa wakiishi huko. Tarehe 29 Oktoba 1991 mapigano yalizuka katika shamba la Meteitei, Nandi, kisha yakasambaa. Kufikia mwaka 1993 shirika la Human Rights Watch lilikadiria kuwa watu 1,500 wameuawa na 300,000 kuhamishwa makwao. Neno madoadoa lilipata maana yake ya kisiasa katika miaka hiyo: wageni waliotapakaa katika ardhi iliyodaiwa kuwa ya wenyeji. Sitiari yenyewe ilikuwa na ramani ya kuishikilia. Baada ya uhuru, familia nyingi kutoka Mkoa wa Kati na kwingineko zilinunua mashamba Bonde la Ufa kupitia kampuni na vyama vya ushirika, zikakaa pamoja katika vijiji vyao. Ukivitazama vijiji hivyo kwenye ramani na kuvipaka rangi tofauti, unaona madoa kweli. Ndiyo maana neno lilishika haraka, halikuhitaji kuelezwa.

Kisha ikaja Desemba 2007. Vurugu zilizofuata kutangazwa kwa matokeo ya uchaguzi ziliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki, iliyoundwa kuzichunguza. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji wa Eldoret, lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia hifadhi, wengi wao wanawake na watoto. Kwa hiyo neno lililotamkwa Eldoret Januari 2022 lilitamkwa karibu na Kiambaa, wiki moja baada ya kumbukumbu ya miaka 14 ya moto ule, katika mwaka wa uchaguzi. Kauli hiyo hiyo ikitamkwa Lamu au Kisumu ina uzito mwingine. Anayepima fumbo bila kuandika mahali na tarehe amepima nusu ya sentensi.

Sasa tuifungue sentensi yenyewe.

Nomino "doa" inafanya jambo ambalo tusi haliwezi. Ukimwita mtu mwizi, umemtukana lakini umemwachia utu: mwizi ana nia, ana mikono, anaweza kushtakiwa, kujitetea, hata kutubu. Doa halina nia. Halina hata kosa. Tatizo lake ni kuwepo tu, mahali ambapo bila yalo pangekuwa safi. Na hapo ndipo kitenzi kinapoingia. Katika lugha yetu kila kitu kina kitenzi chake kilichozoeleka, na doa huondolewa, hufutwa, husuguliwa. Msemaji akishachagua nomino, kitenzi kinakuja chenyewe, na msikilizaji anaweza kukimalizia kichwani hata msemaji akinyamaza. Hakuna anayeliuliza doa kama liko tayari kuondoka, na hakuna anayesema kwamba aliyefua shati amelidhulumu doa.

Angalia pia ni nani hayumo katika picha hiyo. Kuna uchafu na kuna usafi, lakini anayeumia hayupo. Kila sitiari ya kumvua mtu utu hufanya hivyo kwa namna yake, na inafaa kuzitofautisha kwa sababu hazina hatari sawa. "Kwekwe" huleta shamba: kwekwe hunyonya chakula cha mazao, kwa hiyo kuing'oa ni kujilinda, tena ni kazi ya pamoja inayofanywa kwa zana ambazo kila nyumba inazo. "Mende" huleta kuzaana, maficho na sumu. "Doa" halidai hata kwamba mtu huyo anatudhuru. Linadai tu kwamba anaharibu usafi wetu. Waliofuatilia redio za lugha za kienyeji Kenya mwezi Januari 2008 waliripoti wito kwa "watu wa maziwa", yaani Wakalenjin, wasafishe kwekwe, malalamiko juu ya nguchiro aliyekuja kuiba kuku, na kwa upande wa pili, maneno juu ya "wanyama wa magharibi". Kila upande ulikuwa na bustani yake ya mafumbo, na wasikilizaji wa kila upande waliyasikia ya wenzao kwa ukali na ya kwao kama utani.

Hapa kuna kosa ambalo wanaoanza kujifunza hulifanya mara kwa mara: kudhani kila mfano wa mnyama ni chuki. Siyo. Mbunge akiitwa fisi kwa sababu ya fedha za umma, hilo ni tusi kwa mtu mmoja kwa tendo alilofanya. Swali linalotenganisha mambo haya mawili ni rahisi kuliuliza: je, kuna jambo ambalo anayeitwa hivyo anaweza kulifanya akaacha kuitwa hivyo? Fisi anaweza kuacha kula asichopewa. Msaliti anaweza kurudi kundini. Doa likishaitwa doa kwa sababu ya ukoo wa babu yake, hakuna tendo litakalolisafisha isipokuwa kuondoka. Sitiari inapolenga kundi na kumnyima kila mmoja wao njia ya kujinasua, hapo imevuka kutoka kwenye kejeli.

Lakini ukilitumia swali hilo kwa kauli ya Eldoret unapata majibu mawili, na uchambuzi wa haki lazima uyakubali yote. Kama madoadoa ni wagombea na wapiga kura wa vyama vingine, basi wanaweza kubadilika: wahamie UDA, au washindwe kwenye debe, na kwisha. Utetezi huu si wa kubuni. Wakenya wana mtindo wa kupiga kura za "suti", yaani chama kimoja kwa nafasi zote sita kuanzia rais hadi mwakilishi wa wadi, na wanasiasa huuhimiza waziwazi. Zaidi ya hapo, Linturi ni mtu wa Meru, eneo la Mlima Kenya. Mwaka 2008 waliolengwa Uasin Gishu walikuwa hasa watu kutoka upande huo wa nchi. Katika siasa za 2022 upande wa Ruto ulikuwa unautafuta Mlima Kenya kwa udi na uvumba. Kwa nini basi seneta wa Meru awachochee watu wa Eldoret dhidi ya watu wa kwao?

Ni swali zuri, na ndilo linalowapoteza wengi, kwa sababu linahamisha mjadala kutoka kwenye sentensi hadi moyoni mwa msemaji. Kuna maswali matatu hapa na kila moja lina jibu lake. Alikusudia nini? Maneno yenyewe yanaruhusu nini? Yatafanya nini kwa aliyeyasikia mahali pale? Mahakama hulazimika kulishughulikia la kwanza. Mkazi wa kijiji jirani ana haja na la tatu, wala hatasubiri jibu la kwanza lipatikane. Fumbo likishazoeleka halihitaji msemaji mwenye nia mbaya. Linaweza kupita kinywani mwa mtu anayefikiria kura tu na bado likasikika kama lilivyosikika mwaka 1992.

Namna ya kulipima la pili ni kubadilisha. Chukua maelezo ambayo msemaji ameyatoa baadaye, yaandike kwa maneno nyoofu, kisha uyaweke kando ya kauli ya jukwaani. Kwa mfano wetu: "Wapigieni kura wagombea wote wa UDA, kuanzia rais hadi mwakilishi wa wadi." Maneno hayo ni mafupi, yanaeleweka, na yangepigiwa makofi. Sasa tazama kilichopotea katika kubadilisha. Sentensi nyoofu inazungumzia karatasi ya kura. Ile ya jukwaani inazungumzia mlio nao hapa. Sentensi nyoofu ina siku yake, siku ya uchaguzi. Ile ya jukwaani haina siku, kwa hiyo inaweza kuanza kutekelezwa jioni ile ile. Sentensi nyoofu inawaambia wapiga kura wafanye kitu na kura zao. Ile nyingine inawaambia wenyeji wafanye kitu na watu. Kilichopotea katika kubadilisha ndicho kilichobebwa na fumbo. Kama kisingepotea kitu, utetezi ungesimama wenyewe, na msikilizaji mkweli angepaswa kuukubali.

Jaribio hili lina udhaifu mmoja unaofaa kujulikana. Mtu anayeongoza jaribio anaweza kuandika sentensi nyoofu kwa upendeleo, akaifanya baridi kupita kiasi ili tofauti ionekane kubwa. Dawa yake ni kutumia maelezo ya msemaji mwenyewe kama alivyoyatoa, bila kuyapunguza.

Kitenzi kinaweza kuwa fumbo peke yake, bila nomino ya kudhalilisha. Mfano mzito zaidi katika kanda yetu ni wa Rwanda. Mkoa wa Butare ulikuwa umeepuka mauaji makubwa katika majuma ya kwanza ya mauaji ya kimbari, chini ya mkuu wa mkoa Jean-Baptiste Habyalimana. Aliondolewa, na tarehe 19 Aprili 1994 rais wa mpito, Théodore Sindikubwabo, alihutubia Butare akiwataka watu wafanye "kazi", na wale wanaojiona hawahusiki wapishe. Neno lenyewe la Kinyarwanda, "gukora", ni la kila siku. Linatumika shambani na ofisini. Katika majira yale wasikilizaji walilijua kwa maana nyingine, na mauaji makubwa yalifuata. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha, katika kesi ya meya Jean-Paul Akayesu iliyohukumiwa Septemba 1998, ilimwita mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana, aeleze maneno kama "inyenzi", yaani mende, na "inkotanyi", jina la wapiganaji wa RPF, yalivyotumika. Maelezo yake yalisisitiza muktadha: nani anasema, kwa nani, lini, wapi. Maana iliyosababisha vifo haikuwa ndani ya kamusi yoyote.

Kenya ina sheria, lakini fumbo na sheria hupishana njiani. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008 kinahitaji kwanza maneno yawe ya kutisha, kutusi au kudhalilisha. Kisha yawe yametamkwa kwa nia ya kuchochea chuki ya kikabila, au, kwa kuzingatia mazingira yote, yawe yanaelekea kuichochea. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Tazama ugumu ulipo. "Ondoeni madoadoa" si tusi kwa kamusi, na nia haina shahidi. Mlango uliobaki ni ule wa mazingira yote, na kuupitia mlango huo upande wa mashtaka unahitaji kuleta kila tulichokitaja hapo juu: ramani ya mashamba, 1991, Kiambaa, tarehe, umati. Video ya sekunde 15 iliyosambazwa kwenye simu haiwezi kubeba mzigo huo. Kesi za namna hii hukwama mara nyingi, na kukwama huko kusichukuliwe kuwa ushahidi kwamba maneno hayakuwa na madhara. Ni vipimo viwili tofauti.

Basi wasikilizaji hujifunzaje? Kenya imejaribu njia kadhaa. Mbili zinafaa kuwekwa pamoja kwa sababu moja inafundisha jicho na nyingine inafundisha sikio.

Ya kwanza ni mradi wa Umati, ulioanzishwa na iHub, kituo cha teknolojia cha Nairobi, mwaka 2012 kuelekea uchaguzi wa Machi 2013. Wafuatiliaji walisoma mitandao kila siku kwa Kiingereza, Kiswahili, Sheng' na lugha kadhaa za makabila. Walikuwa watu, siyo programu ya kutafuta maneno, na sababu ni hii hii ya madoadoa: programu ingekuletea mapishi, mifugo na matangazo ya sabuni. Kila kauli iliulizwa mambo yaliyotokana na mfumo wa mwanasheria Susan Benesch kuhusu matamshi hatari, unaotazama msemaji, hadhira, maneno, historia na njia iliyotumika. Msemaji ana ushawishi kiasi gani kwa wanaomsikia? Je, kauli inalinganisha kundi na wanyama, wadudu au uchafu? Je, inadai kundi hilo ni tishio? Je, inaita watu watende jambo? Kwa majibu hayo kauli iliwekwa katika ngazi mojawapo kati ya tatu: ya kuudhi, hatari kiasi, hatari sana. Uzuri wa ngazi hizi ni kwamba zinaondoa mabishano ya "ni chuki au si chuki". Matusi ya mtu asiyejulikana mwenye wafuasi 40 huenda yakabaki ngazi ya chini hata yakiwa machafu kiasi gani, wakati sentensi tulivu ya seneta mwenye kipaza sauti, mahali penye jeraha, ikapanda juu.

Ya pili ni kichekesho. Mwaka huo huo wa 2012, Benesch na washirika wake walifanya kazi na kipindi cha televisheni cha Vioja Mahakamani, ambacho Wakenya wamekitazama kwa miongo. Vilitengenezwa vipindi vinne ambamo wahusika wanafikishwa kizimbani kwa matamshi ya uchochezi, na mahakama ya vichekesho inalazimika kueleza maneno hayo yanafanyaje kazi. Watazamaji waliohojiwa baadaye katika vikundi vya majadiliano walionyesha kuelewa zaidi jinsi mchochezi anavyojipatia faida kwa kuwatumia wengine. Nadhani siri yake ni kwamba mchochezi alionekana kama fundi anayefanya hila, na hila ikishaonekana mara moja inavunjika nguvu kidogo. Hotuba za kuhimiza amani hazifanyi hivyo. Zinamwambia msikilizaji asichukie, bila kumwonyesha anapochezewa.

Njia iliyopata habari kubwa zaidi ndiyo dhaifu kuliko zote kwa maoni yangu: orodha ya maneno. Aprili 2022, miezi mitatu baada ya kisa cha Eldoret, Tume ya Taifa ya Utangamano na Uwiano (NCIC) ilitoa orodha ya maneno yanayoweza kuchochea. Madoadoa yalikuwemo, pamoja na kwekwe, mende, wakuja na mengineyo. Kama kumbukumbu ya historia ni orodha yenye manufaa, na mgeni katika nchi angeanza nayo. Lakini ilijumuisha pia "hatupangwingwi", msemo wa Sheng' wenye maana ya hatupangiwi mambo, uliokuwa kaulimbiu ya upande mmoja wa kisiasa. Malalamiko yalizuka mara moja, na yalikuwa na msingi. Msemo huo haumlinganishi mtu yeyote na kitu chochote, hauna kundi linalolengwa kwa asili yake, na mtu anayeukataa anaweza kuukataa kwa hoja. Kuuweka safu moja na "mende" kuliwapa wanasiasa sababu ya kuicheka orodha nzima. Na upande wa pili wa udhaifu huo ni kwamba neno likishaorodheshwa, mwenye nia ya kulitumia hutafuta jingine. Orodha hukamata maneno ya uchaguzi uliopita.

Neno jipya hujitambulisha kwa dalili, na dalili ya kwanza huwa kwenye umati. Neno la kawaida linaanza kutamkwa kwa kituo kidogo mbele yake. Watu wanacheka au kupiga kelele kabla sentensi haijakamilika, kumaanisha wamekwisha ijua. Msemaji anatabasamu na kusema "mnanielewa". Neno lile lile linatokea katika vinywa vya wasemaji wengine wa upande huo bila mtu kulieleza. Hakuna hata moja kati ya hizi inayotosha peke yake. Utani wa kisiasa pia hufanya hivyo. Zikija pamoja, na neno likawa linataja watu kama kitu cha kuondolewa, kuna sababu ya kuanza kuandika.

Kuandika kwenyewe kuna utaratibu, na mengi huharibika hapa. Tafuta rekodi nzima, siyo kipande. Ukikosa nzima, pata walau dakika mbili kabla na mbili baada ya kauli, kwa sababu mara nyingi anayelengwa ametajwa dakika moja kabla na fumbo linakuja kumwelekea. Nukuu kwa lugha iliyotumika, neno kwa neno, pamoja na makosa. Usitafsiri kwanza. Magazeti ya Kiingereza yalipoandika kisa cha Eldoret, msomaji asiyejua Kiswahili alipewa neno la mabaka ya ngozi, na historia yote ikabaki nyuma. Anayetafsiri aweke neno la asili na sentensi moja ya kueleza lilivyotumika awali. Andika mahali, saa, nani wamo jukwaani, na umati ulifanya nini. Mwitikio wa umati ni sehemu ya kauli.

Kisha wape rekodi wasikilizaji wawili au watatu wa jamii na rika tofauti, kila mmoja peke yake, na uwaulize swali lililo wazi: umesikia nini hapa? Ukiuliza "je, haya ni matamshi ya chuki?" umekwisha waambia unachotafuta. Wakitofautiana, usikimbilie kusema mmoja amekosea. Katika kazi nyingine za uchambuzi kutofautiana ni dosari, lakini hapa inategemea kunafuata mstari gani. Kama vijana wote wa mjini wanasikia kura, na wazee wote waliohamishwa makwao wanasikia kuhama tena, mgawanyiko huo wenyewe ndio alama ya fumbo, na unapaswa kuandikwa kama matokeo. Kama wanatofautiana ovyo, bila mstari wa umri wala jamii, huenda kauli ilikuwa tu na utata, na ngazi yake ishushwe.

Kuhusu kusambaza, kanuni ya wafuatiliaji ni kutolipa neno usafiri wa bure. Kichwa cha habari kinachorudia "madoadoa" kwa herufi kubwa kinamfikia mtu ambaye hakuwepo Eldoret, tena bila sauti ya kukanusha. Unapolazimika kulitaja, liweke ndani ya habari, kando yake sema waziwazi lilimlenga nani kihistoria na nini kilitokea lilipotumika. Sauti zinazozunguka Wasap ndizo ngumu zaidi, kwa kuwa hufika bila tarehe, bila mahali na bila jina la msemaji. Rekodi ya mwaka 2007 inaweza kutumwa leo kana kwamba imetamkwa jana, na hofu itakayoleta ni ya leo. Sauti ya namna hiyo isiyo na chanzo iandikwe kuwa haina chanzo, isipewe ngazi yoyote mpaka mahali na tarehe vipatikane.